Zotero: makala moja imeingia mara mbili, kopi moja ina noti na nyingine ina PDF. Naunganishaje bila kupoteza kitu?

BintiUyole (Mbeya)

Wakuu habari za jioni. Huku mvua haikatiki tangu asubuhi na umeme umeshakwenda mara mbili, kwa hiyo nikipotea ghafla mnielewe.

Naandika tasnifu ya uzamili kuhusu ukungu wa viazi mviringo kwa wakulima wa huku kwetu. Marejeo yote natunza kwenye Zotero 7, kompyuta ya Windows. Tatizo lilianza hivi. Mwaka wa kwanza nilikuwa nachukua marejeo Google Scholar, nayaingiza Zotero, halafu naandika noti zangu chini ya kila makala na kuweka tagi kama "mbegu", "dawa", "sura ya 2". PDF sikuwa nazo, nilikuwa nasoma maktaba. Mwaka huu nikapata mtandao mzuri, nikawa nafungua makala zilezile kwenye tovuti za majarida na kubofya kile kitufe cha Zotero kwenye kivinjari. Zikaingia upya, safari hii na PDF, na PDF hizo ndizo nilizozichorea mistari ya njano ndani ya Zotero.

Matokeo yake, kwa makala nyingi nina rekodi mbili. Ya zamani ina noti na tagi, mpya ina PDF yenye mistari. Kwenye tasnifu nimezitaja zote mbili bila kujua. Msimamizi wangu ndiye aliyeniamsha. Alizungushia kalamu nyekundu mwandishi mmoja aliyetokea kama 2015a na 2015b, akaandika pembeni: "Hizi ni kazi mbili?" Ni kazi moja.

Nikibofya `Duplicate Items` upande wa kushoto naona orodha ndefu, na upande wa kulia kuna kitufe cha `Merge 2 items`. Naogopa kukibonyeza. Noti za miezi kumi na minne zimo humo. Aliyewahi kufanya anieleze nini hasa kinatokea.

---

Kalobe_Boy (Mbeya)

Dada, usijichoshe. Hamishia noti kwenye rekodi yenye PDF. Unaikamata noti na kuiburuta juu ya rekodi nyingine, inahama. Halafu ile ya zamani futa. Mimi nilifanya hivyo, hakuna kilichopotea.

Na kama lazima ubonyeze hicho kitufe, hakikisha umechagua rekodi yenye PDF kuwa ndiyo kuu. Ukichagua isiyo na PDF, PDF inaondoka.

---

Mkutubi_Gangilonga (Iringa)

Kamwene wote. Ndugu Kalobe, kuburuta noti ni kweli kunafanya kazi. Mengine mawili uliyosema yatamwingiza dada kwenye shimo, na niyaeleze taratibu kwa sababu nimeona wanafunzi wakitumbukia humo kila mwaka.

La kwanza, kufuta. Ukifuta rekodi, Word haijui kwamba makala ile sasa inaishi ndani ya rekodi nyingine. Yale marejeo uliyoyaweka kwenye tasnifu kwa kutumia rekodi iliyofutwa yanabaki yameandikwa pale, yanaonekana mazima kabisa, ila yamekatika na maktaba yako. Ukirekebisha jina la mwandishi kwenye Zotero, pale Word halibadiliki. Na 2015a na 2015b inabaki palepale, maana kwa Zotero hizo bado ni kazi mbili: moja iliyoko maktaba na nyingine iliyobaki ndani ya waraka tu. Ukiunganisha, Zotero inaacha alama ndani ya rekodi inayobaki kwamba imechukua nafasi ya ile nyingine. Word ikija kuuliza rekodi ya zamani, inaelekezwa kwenye mpya. Hiyo alama ndiyo sababu yote ya kutumia kitufe hicho badala ya kufuta kwa mkono.

La pili, rekodi kuu. Uchaguzi huo hauamui noti, tagi wala PDF. Hivyo vyote vinakusanywa kutoka pande zote. Noti za rekodi zote zinahamia chini ya ile inayobaki, tagi zinajumlishwa, na kama rekodi hizo zilikuwa kwenye folda tofauti, inayobaki inaingia kwenye folda zote hizo. Unachokiamua ni yale maandishi ya upande wa kulia: kichwa, waandishi, jarida, kurasa, DOI. Pale sehemu moja ina jibu moja tu, haiwezi kushika mawili.

BintiUyole, kabla sijaendelea niambie: una kopi ya tahadhari? Na Zotero unaitumia kwenye kompyuta moja au zaidi?

---

BintiUyole

Shikamoo mwalimu. Kopi ya tahadhari sina. Natumia kompyuta mbili, hii yangu na ya maabara, zote nimeingia kwa akaunti moja.

---

Mkutubi_Gangilonga

Marahaba. Basi leo usiunganishe kitu. Kesho ukifika maabara, bonyeza `Sync` kwenye ile kompyuta, subiri imalize, kisha uifunge Zotero ya pale na usiiguse tena mpaka kazi hii iishe. Rudi kwako, bonyeza `Sync` tena. Hutaki kompyuta moja iwe inaunganisha wakati nyingine inaandika noti mpya kwenye rekodi inayokwenda kuondoka.

Halafu kopi. Nenda `Edit`, `Settings`, `Advanced`, utaona kitufe cha `Show Data Directory`. Kinakufungulia folda linaloitwa `Zotero`. Ndani yake kuna faili `zotero.sqlite`, ambamo mna rekodi zote, noti, tagi na hata ile mistari ya njano, na kuna folda `storage` lenye PDF. Funga Zotero kabisa, ndipo unakili folda zima kwenda kwenye fleshi. Ukinakili Zotero ikiwa wazi unaweza kupata faili lililokatika katikati ya sentensi, na utakuja kujua siku unayolihitaji. Kama folda liko mahali pake pa kawaida na fleshi yako ni `E:`, amri hii inatosha:

```
robocopy "%USERPROFILE%\Zotero" "E:\Zotero-bakapu" /E
```

Nasisitiza kopi kwa sababu muungano hauna njia nzuri ya kurudi nyuma. Ndiyo, rekodi iliyounganishwa inakwenda `Trash` na unaweza kuirudisha. Lakini itarudi mikono mitupu. Noti zake zimeshahamia kwa mwenzake na hazirudi naye.

---

Parachichi_Njombe (Njombe)

Samahani kuingilia. Na mimi nina tatizo hilohilo. Nina ripoti ya parachichi inaonekana kwenye folda la "Masoko" na pia kwenye folda la "Kilimo". Nilifuta ya "Kilimo" na ile ya "Masoko" ikapotea pia! Kwa hiyo hicho kitufe cha kuunganisha kingenisaidia?

---

Mkutubi_Gangilonga

La kwako ni jingine, ndugu yangu. Wewe hukuwa na ripoti mbili. Folda za Zotero hazifanani na za kompyuta. Zinafanana zaidi na orodha za kucheza za muziki. Ripoti ni moja, imetajwa kwenye orodha mbili, ndiyo maana `Duplicate Items` haikukuonyesha chochote. Ulipochagua `Move Item to Trash` uliipeleka yenyewe jalalani. Ulichotaka ni `Remove Item from Collection`. Ingia `Trash`, ibofye kwa kitufe cha kulia, chagua `Restore to Library`. Fanya mapema, maana kwa mpangilio wa kawaida vitu vilivyokaa `Trash` zaidi ya siku 30 vinafutwa moja kwa moja.

---

Parachichi_Njombe

Imerudi! Asante sana mzee. Tena na folda zake zote mbili.

---

BintiUyole

Nimerudi. Kopi iko kwenye fleshi, na nyingine nimeiweka kwenye kompyuta ya kaka yangu. Nimejaribu jozi moja tu, nawaelezea nilichoona.

Nilichagua makala moja ya mwaka 2015, hiyohiyo ya kalamu nyekundu. Kabla ya kuunganisha niliandika kwenye daftari: rekodi ya zamani ina noti 3 na tagi 4, haina PDF, iko kwenye folda la "Sura ya 2". Rekodi mpya ina PDF 1 yenye mistari ya njano 11, haina noti, ina tagi 6 ambazo sikuziweka mimi, zilikuja na makala, iko kwenye folda la "Majadiliano".

Ndani ya `Duplicate Items` nikibofya moja, zote mbili zinachaguliwa zenyewe. Kulia juu kuna orodha ndogo ya tarehe, unachagua ipi iwe kuu. Kwangu ilikuwa imeshachagua ya zamani. Nikaona sehemu kadhaa zina alama ndogo pembeni, nikibofya inanionyesha maandishi ya rekodi zote mbili nichague. Ya zamani haikuwa na DOI wala ufupisho, na jina la jarida lilikuwa la kifupi. Nikaona kuliko kubadili sehemu moja moja nichague tu mpya kuwa kuu. Nikafumba macho, nikabonyeza.

Ikabaki moja. Noti 3 zipo. PDF ipo, nimeifungua, mistari 11 yote ipo. Tagi 10. Folda zote mbili. Nikafungua Word, nikabonyeza `Refresh`, 2015a na 2015b ikawa 2015 tu, na kwenye orodha ya marejeo ikabaki mstari mmoja. Nilipiga vigelegele mpaka mwenye nyumba akagonga mlango.

Swali dogo: hizo tagi 6 zilizokuja zenyewe ziko kwa Kiingereza na zinanichafulia orodha. Nizitoe moja moja?

---

Mkutubi_Gangilonga

Hapana. Chini ya kidirisha cha tagi kuna kitufe cha machaguo, humo utakuta `Delete Automatic Tags in This Library`. Zile zilizoletwa na tovuti zinaondoka, zako ulizoandika kwa mkono zinabaki. Zotero inazitambua ni zipi. Lakini fanya hivyo ukishamaliza kuunganisha yote, na ukiwa na hakika hakuna hata moja kati yake uliyoanza kuitumia.

---

Takwimu_Makambako (Makambako)

Mimi natahadharisha kitu kimoja: hiyo orodha ya `Duplicate Items` isiaminiwe kama biblia. Nafanya kazi za takwimu, nina machapisho ya "Tanzania in Figures" ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, la 2019 na la 2020. Niliyaandika yote kichwa kimoja, "Tanzania in Figures", mwandishi mmoja. Zotero ikayaweka kama pacha. Nikabonyeza bila kusoma. Nikabaki na rekodi moja ya 2020 yenye PDF mbili ndani, na kwenye ripoti yangu kila mahali nilipotaja 2019 pakawa 2020. Niligundua siku ya kuwasilisha, mbele ya watu, mkurugenzi alipouliza idadi hii ni ya mwaka gani.

---

Mkutubi_Gangilonga

Pole sana. Mfano wako unaonyesha vizuri Zotero inavyofikiri. Inaangalia kichwa, DOI na ISBN. Vichwa vikifanana na hakuna cha kuvitenganisha, inaangalia mwandishi hata mmoja anayelingana, na miaka isiyopishana zaidi ya mmoja. 2019 na 2020 zimepishana mmoja, kwa hiyo zikapita. Ungekuwa na la 2017 na la 2020, isingekuletea. Dawa ni kuandika mwaka ndani ya kichwa, "Tanzania in Figures 2019", kama chapisho lenyewe linavyojiita. Zikishatofautiana kichwa, zinatoka kwenye orodha hiyo. Zotero yenyewe haina kitufe cha kuiambia "hizi si pacha, niache".

Kinyume chake pia kipo. Kuna pacha halisi ambazo hazitatokea kabisa, kwa mfano moja ina kichwa kidogo baada ya nukta mbili na nyingine haina. Hizo unazitafuta kwa macho. Panga `My Library` kwa mwandishi, teremka polepole, ukiona mbili shika `Ctrl`, zibofye zote, kitufe cha kulia, `Merge Items`. Ni njia ileile ukitaka kuunganisha mbili tu kati ya tatu, maana ndani ya `Duplicate Items` huwezi kuchagua nusu ya kundi.

---

BintiUyole

Nimefika jozi ya 30 hivi, na yamenipata matatu. Naombeni msinicheke.

Moja, kuna jozi imekataa. Badala ya kitufe naona maandishi: `Merged items must all be of the same item type.`

Mbili, nimeingia `Trash` nikakuta PDF! Nyingine zina jina lilelile la makala zangu. Moyo ulinidunda. Si mlisema PDF hazipotei?

Tatu, kuna makala moja sasa ina PDF mbili chini yake zinazofanana kabisa. Kwa nini hii haikuondoa moja kama zile zilizokwenda `Trash`?

---

Kalobe_Boy

Nilisema mimi 😀

---

Mkutubi_Gangilonga

Kalobe, kaa hapo nikuone.

Dada, la kwanza ni jepesi. Moja imeingia kama `Web Page` na nyingine `Journal Article`. Badilisha aina ya ile `Web Page` iwe `Journal Article`, si kinyume chake. Aina ikibadilika, sehemu ambazo aina mpya haina zinaondoka, na Zotero itakuuliza kwanza. Usibonyeze ndiyo kabla hujasoma inataka kuondoa nini. Zikishakuwa aina moja, kitufe kinatokea.

La pili. Ulikuwa na makala ambazo PDF ilikuwemo pande zote mbili, sivyo? Zotero inalinganisha mafaili yenyewe. Ikiona ni faili lilelile, haioni sababu ya kukuachia mawili. Inabakiza moja, na mistari yako ya njano na maoni uliyoandika juu ya ile nyingine inahamishiwa kwenye inayobaki. Pacha wake ndiye uliyemkuta `Trash`. Kwa hiyo faili limeondoka, kazi yako juu ya faili haikuondoka. Usiniamini mimi: chukua tatu kati ya zilizoko `Trash`, nenda kwenye rekodi zake, fungua PDF iliyobaki, tazama mistari. Ukiridhika ndipo usafishe `Trash`. Na ukisafisha utapata na nafasi, maana akaunti ya bure ina MB 300 tu za mafaili na zako nadhani zimejaa.

La tatu ni upande wa pili wa jambo hilohilo. Kwa macho yako ni PDF moja, kwa kompyuta ni mbili tofauti. Uliipakua JSTOR?

---

BintiUyole

Ndiyo! Zote mbili JSTOR, moja ya mwaka jana na nyingine ya mwezi wa tatu.

---

Mkutubi_Gangilonga

Ndiyo hiyo. JSTOR inaweka ukurasa wa mbele na kuandika chini ya kurasa ni lini na kutoka anwani gani ya mtandao faili limepakuliwa. Ukipakua leo na kesho, hupati faili lilelile. Zotero ikiwa na shaka inaacha yote mawili, nami naona ni vizuri ikosee upande huo. Fungua zote, iliyo na mistari yako ibakize, nyingine ibofye yenyewe, hiyo PDF na si rekodi iliyo juu yake, uipeleke `Trash`. Ikiwa zote mbili zina mistari, ziache zote mbili. PDF ya ziada haijawahi kumfelisha mtu.

---

Kalobe_Boy

Sasa jozi mia na zaidi dada atabonyeza moja moja mpaka lini? Kuna plagini inaitwa Zoplicate, inaunganisha zote kwa mkupuo. Tena ina sehemu ya kuiambia "hizi si pacha", ambayo mzee anasema Zotero haina. Mimi naitumia, dakika chache imekwisha.

---

Takwimu_Makambako

Kwa mkupuo? Ndivyo nilivyofika mbele ya mkurugenzi.

---

Mkutubi_Gangilonga

Hapo Kalobe ana haki nusu, na nusu hiyo ni kubwa. Kwa mtu aliyeingiza maktaba yake yote mara mbili kwa bahati mbaya, rekodi zikiwa sawa neno kwa neno, kwa mkupuo ni sawa. Kwa dada, ambaye rekodi moja ni ya Google Scholar na nyingine ya jarida, ningependa jicho la mtu lipite. Tatizo si noti. Tatizo ni zile sehemu za kulia.

BintiUyole, umewahi kuandika kitu chako kwenye sehemu ya `Extra`, kule chini?

---

BintiUyole

Mungu wangu. Ndiyo. Mwanzoni sikujua kama kuna noti, nikawa naandika kwenye `Extra`. "Mwalimu amesema tumia jedwali la 4", vitu kama hivyo.

---

Mkutubi_Gangilonga

`Extra` si noti. Ni sehemu kama kichwa au kurasa, inashika maandishi ya upande mmoja tu. Ukiichagua rekodi mpya kuwa kuu na yenyewe ina chake kwenye `Extra`, ya kwako haikuja pamoja naye, isipokuwa uliibofya ile alama ukachagua. Na hata ukichagua yako, ya mwenzake inaondoka.

Lakini pumua. Rekodi iliyoondoka iko `Trash`, na noti hazimo ila maandishi yake ya kulia bado ni yaleyale. Ingia `Trash`, ibofye tu bila kuirudisha, soma `Extra` yake, nakili, kisha uibandike kama noti mpya kwenye rekodi iliyobaki. Kwa jozi zilizosalia, tangulia: panga maktaba, pitia rekodi za mwaka wa kwanza, kila `Extra` yenye maneno yako igeuze noti kabla ya kuunganisha.

---

BintiUyole

Nimezikuta. Zilikuwa 7 kati ya 30. Sita nimezihamisha. Ya saba imeandikwa "muulize kaka wa TARI kuhusu hii" na sijui tena nilitaka kumuuliza nini 😅

---

Mama_Tukuyu (Rungwe)

Ugonile mwanangu. Mimi nasimamia wanafunzi, na tuna maktaba ya kikundi kwenye Zotero. Makala moja iko kwenye maktaba yangu na ileile iko ya kikundi. Nikizichagua zote mbili hata siwezi, maana nikihama upande mmoja uchaguzi unapotea. Zinaunganishwaje hizi?

---

Mkutubi_Gangilonga

Shikamoo mama. Haziunganishwi. Muungano unafanyika ndani ya maktaba moja tu. Ulipoiburuta makala kwenda kikundini, ulitengeneza kopi inayoishi maisha yake. Noti utakayoandika kwenye ya kwako haifiki kule. Tunachofanya hapa kwetu ni kukubaliana kwamba tasnifu inatumia maktaba moja tu, ama ya mtu ama ya kikundi, wasichanganye. Wakichanganya ndani ya waraka mmoja, 2015a inarudi. Na kama kikundini kuna mwanafunzi anayeruhusiwa kusoma tu, yeye hataweza kuunganisha hata pacha za mle ndani.

---

Mama_Tukuyu

Marahaba. Basi nina waraka wa watu watatu uliochanganywa hivyo hivyo. Nitawaita Jumatatu.

---

Kalobe_Boy

Mzee, nami nikiri. Nimefungua ripoti yangu ya zamani, ile niliyofuta rekodi kwa mkono. Marejeo matatu nikiyagusa yanaandika vilevile nilivyobadilisha kwenye Zotero au nisibadilishe. Nizirudishe kutoka `Trash` halafu niunganishe?

---

Mkutubi_Gangilonga

Kama zipo, ndiyo, hiyo ndiyo njia safi. Rudisha, unganisha, `Refresh`.

---

Kalobe_Boy

Nilisafisha `Trash` mwaka jana.

---

Mkutubi_Gangilonga

Basi kwenye Word, rejeo moja moja: bofya ndani yake, `Add/Edit Citation`, toa iliyopo, weka ile ya maktaba. Matatu si mengi, bahati yako.

---

BintiUyole

Nimemaliza leo saa saba usiku, kwa umeme wa power bank mwishoni. Jozi 118 nimeunganisha kwa mkono. Nne nimeziacha kwa makusudi, ni ripoti za mwaka zinazofanana kichwa kama za Takwimu_Makambako, nimeziongezea mwaka na zimetoka kwenye orodha. PDF mbili mbili zimebaki kwenye makala tano, zote za JSTOR, moja nimeiacha hivyo kwa sababu nilichora mistari pande zote.

Word nime-`Refresh`. Orodha ya marejeo ilikuwa kurasa 14, sasa ni 11. Za a na b zimebaki mbili, na hizo ni kazi mbili kweli, nimehakiki.

Limebaki moja ambalo silielewi. Sura ya 2, aya tatu za mwanzo, niliziandika kwenye kompyuta yangu ya kwanza kabla sijafungua akaunti ya Zotero. Ile kompyuta iliharibika, marejeo nilikuja kuyaingiza upya kutoka faili nililotumiwa na rafiki. Zile aya zikiwa na makala ambayo pia imetajwa sura ya 4, bado zinatoka mara mbili, ingawa maktaba sasa ina rekodi moja tu. Nimeunganisha nini ambacho sikuunganisha?

---

Mkutubi_Gangilonga

Hukukosea. Rekodi ambazo aya hizo zinazikumbuka zilikuwa za maktaba ile iliyokufa na kompyuta. Ulizoingiza upya ni nyingine, hata kama maneno ni yaleyale, kwa hiyo hakuna alama ya kuelekeza. Ungekuwa na diski ya ile kompyuta tungejaribu kulitoa folda la `Zotero`. Diski iko wapi?

---

BintiUyole

Kwa fundi, Mwanjelwa. Kama hajaiuza.

---

Takwimu_Makambako

Ni marejeo mangapi hayo? Kama hayafiki ishirini, fanya kama Kalobe, moja moja.

---

BintiUyole

Thelathini na sita. Kesho asubuhi naenda Mwanjelwa kwanza.